PIN na alama ya kidole vimekataa baada ya sasisho la Windows: angalia sera kabla ya kufuta hazina

Jumatatu asubuhi mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo aliingia dukani kwangu, Mwanga, mjini Kigoma, laptopu ikiwa kwapani. Ijumaa jioni alikuwa amebofya "Update and shut down" akaenda zake nyumbani. Alipoiwasha tena ikazunguka muda mrefu, ikajizima, ikawaka, kisha ikamwonyesha maneno haya: "Something happened and your PIN isn't available. Click to set up your PIN again." Maana yake ni kwamba kuna kitu kimetokea, PIN yako haipatikani, na unatakiwa kubofya uiweke upya. Akagusa kitambaza kidole, nacho kikakaa kimya.

"Pole, dada. Nywila ya hiyo akaunti unaikumbuka?"

"Nywila gani tena, fundi? Mimi siku zote naweka zile namba sita."

Ukiniuliza ni kitu gani kinachowafungia watu nje ya kompyuta zao baada ya sasisho, nitakutajia jibu hilo la dada kabla ya hitilafu yoyote ya Windows. PIN na nywila ni vitu viwili tofauti, na karibu kila njia ya kuirekebisha PIN inapita kwenye nywila. Kwa hiyo kabla hujagusa folda yoyote, hakikisha unayo nywila ya akaunti na umeijaribu. Kwenye ukurasa wa kuingia bofya "Sign-in options", chagua alama ya ufunguo, uandike nywila. Ukiingia, nusu ya hatari imeondoka.

Yeye hakuwa nayo. Akaunti ilikuwa ya ndani ya mashine, na aliyeiweka ni mhasibu aliyemtangulia, ambaye sasa yuko Kasulu. Tukampigia simu, akafikiri kidogo, akaitaja. Tungeikosa, kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni yale maswali matatu ya usalama ambayo Windows huyauliza nywila ya akaunti ya ndani ikikosewa. Ya pili ni kuingia kwa akaunti nyingine yenye haki za msimamizi na kumwekea nywila mpya. Hii ya pili ina gharama yake: nywila ya akaunti ya ndani ikibadilishwa kwa nguvu kutoka nje, nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari na faili zilizofungwa kwa usimbaji wa Windows kwenye akaunti hiyo hazifunguki tena. Wenye akaunti ya Microsoft hubadilisha nywila yao mtandaoni kwa simu, ila ni lazima namba au barua pepe ya kupokelea msimbo iwe bado mikononi mwao. Nimeona laini zilizopotea zamani zikiwakwamisha watu hapo kwa siku nzima.

Kidole kinasimama juu ya PIN

Ili usifute kitu kizima ukaacha kilichoharibika, elewa mpangilio wenyewe. Unapoweka PIN, Windows hutengeneza ufunguo wa siri na kuufungia kwenye chipu iitwayo TPM iliyomo ndani ya mashine. PIN yako haiendi popote. Kazi yake ni kuiambia ile chipu ikubali kuutumia ufunguo huo. Kumbukumbu za mpango huo hukaa kwenye folda iitwayo Ngc, ndani kabisa ya Windows, mahali ambapo hata msimamizi haruhusiwi kuchungulia bila kulazimisha. Ndiyo maana PIN ya laptopu moja haifanyi kazi kwenye nyingine hata kama akaunti ni ile ile.

Kidole huja baadaye. Windows haikubali kusajili kidole kabla ya PIN, kwa sababu kidole kikitambuliwa kinachofanyika ni kufungua mlango ule ule ambao PIN ingeufungua. Picha ya kidole iliyogeuzwa kuwa hesabu kwa kawaida hukaa kwenye hazina nyingine, folda ya WinBioDatabase, na inasimamiwa na huduma ya Windows yenye jina WbioSrvc.

Kutoka hapo unapata kipimo kizuri cha kwanza. PIN ikikubali na kidole kikikataa, usiiguse Ngc hata kidogo: tatizo liko kwenye sensa, draiva yake, ile huduma, au hazina ya vidole. PIN na kidole vikikataa kwa pamoja, karibu kila mara PIN ndiyo iliyoanguka na kidole kimeanguka nayo, kwa hiyo anza na PIN na kiache kidole kwanza. Na ikiwa hakuna ujumbe wa kosa lakini kitufe cha kuweka PIN au kidole kimefifia na hakibofyeki, hapo kuna amri iliyokataza. Amri hiyo ndiyo sera, na kufuta hazina hakuiondoi.

Mashine ya dada ilikuwa kundi la pili. Angalau ndivyo nilivyodhani.

Kwanza iulize chipu

Fungua PowerShell kama msimamizi, uandike neno moja:

```
Get-Tpm
```

Yatatoka majibu kadhaa, lakini matatu yanakutosha: TpmPresent, TpmReady na LockedOut.

TpmPresent ikisema False, usifute kitu chochote. Masasisho ya Windows siku hizi hubeba pia programu ya ndani ya bodi, na baada ya programu hiyo kubadilishwa mipangilio yake, ile iitwayo BIOS, inaweza kurudi ya kiwandani, TPM ikazimika. Ufunguo wako haujafa. Chipu iliyoushika ndiyo imelala. Ingia BIOS, tafuta Intel PTT kwa mashine za Intel au fTPM kwa za AMD, iwashe, uhifadhi. Mara nyingi PIN ya zamani inarudi palepale. Fundi aliyekimbilia kufuta folda ya Ngc kabla ya kipimo hiki amechoma funguo ambazo zilikuwa nzima.

LockedOut ikisema True, maana yake mtu amejaribu PIN mara nyingi mno, labda mtoto wa nyumbani, labda mwenyewe kwa wasiwasi. Kwa TPM 2.0, Windows huruhusu makosa 32 kabla ya chipu kujifunga, kisha husamehe kosa moja kila dakika 10. Mashine inatakiwa kuwa imewashwa muda huo, kwa hiyo kuizima na kuisubiri hadi kesho hakusaidii. Ichomeke kwenye umeme, iache kwenye ukurasa wa kuingia saa moja au mbili, kisha jaribu PIN sahihi mara moja tu.

Na kama TpmPresent na TpmReady zote ni True, LockedOut ni False, lakini PIN inakataa, basi uhusiano kati ya folda ya Ngc na chipu umevunjika. Ukijaribu kuweka PIN upya huenda ukaona kosa 0x80090016, ambalo maana yake ni kwamba ufunguo ulioitwa haupo. Hilo hutokea chipu ikiwa imefutwa na kuanzishwa upya huku Windows ikiendelea kushika kumbukumbu za funguo za kale. Mashine ya dada ilitoa hilo hilo. Na kwa kuwa diski yake haikuwa imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows wa diski nzima, haikuonyesha ile skrini ya bluu inayoomba ufunguo wa tarakimu 48. Ingekuwa imefungwa, skrini hiyo ndiyo ingekuwa dalili ya kwanza kwamba chipu imeguswa.

Nisisitize hapa: usibofye "Clear TPM" ili kujaribu bahati. Kama diski imefungwa kwa BitLocker na hauna tarakimu zile 48, unaweza kupoteza kila kilichomo. Andika amri hii kama msimamizi na unakili namba hizo kwenye daftari kabla ya kugusa chochote kinachohusu chipu au BIOS:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Wapo pia wanaopata ujumbe ule ule wa PIN bila chipu kufutwa. Mwaka 2025 Microsoft wenyewe walikiri kwamba baadhi ya mashine za Windows 11 toleo la 24H2, baada ya sasisho la Aprili lenye namba KB5055523, zilipoteza PIN na utambuzi wa uso. Hilo liligusa mashine chache zenye kinga ya System Guard Secure Launch au DRTM iliyowashwa baada ya sasisho, kisha mwenyewe akafanya "Reset this PC" kwa kuchagua "Keep my files" na "Local install". Dawa waliyoitoa haikuwa kufuta folda. Ilikuwa kufuata maneno ya kwenye skrini na kuweka PIN upya, kisha kusajili uso upya kwenye mipangilio. Kwa hiyo jaribu kubofya ule ujumbe kwanza. Kwa akaunti ya Microsoft hatua hiyo inahitaji mtandao, na mtandao ukisuasua katikati ya uthibitisho utarudishwa mwanzo, hivyo unganisha simu yenye bando la kutosha na usubiri.

Kabla ya kufuta: je, utaruhusiwa kusajili tena?

Hatua hii wengi huiruka, na mimi mwenyewe niliwahi kuiruka nikaishia kumwomba radhi mteja. Alikuwa mtumishi mwenye laptopu ya ofisi iliyounganishwa na seva ya makao makuu. PIN yake ilikuwa inasumbua, nikafuta hazina, nikawasha upya, nikafungua mipangilio. Kitufe cha kuweka PIN kilikuwa kimefifia, na juu yake maneno kwamba mipangilio hiyo inasimamiwa na taasisi. Tangu Windows 10 toleo la 1607, mashine iliyojiunga na seva ya ofisi hairuhusu PIN ya kawaida mpaka sera ya ofisi iseme ndiyo. Nilikuwa nimeondoa kitu ambacho sikuwa na mamlaka ya kukirudisha.

Tangu siku hiyo nauliza kwanza. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

```
reg query "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Biometrics" /s
reg query "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\PassportForWork" /s
reg query "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\System" /v AllowDomainPINLogon
```

Kwa mashine ya mtu binafsi, jibu la afya kwa zote tatu ni kwamba hakuna kilichopatikana. Linatoka likianza na neno ERROR, nalo huwatisha watu bure, kwani maana yake ni kwamba hakuna aliyeandika sera yoyote hapo na Windows itafuata desturi yake. Kinachotakiwa kukushtua ni mstari wenye neno Enabled au AllowDomainPINLogon unaoishia na 0x0. Kwenye Biometrics unazima utambuzi wote wa kidole na uso. Ukiwa ndani ya kifungu chake cha "Credential Provider" unazima kule kuingia tu kwa kidole au uso. PassportForWork ni mlango wa mashine za kazini, na AllowDomainPINLogon ni ruhusa ya PIN kwa mashine zilizojiunga na seva.

Kwenye laptopu ya dada, amri ya kwanza ilirudisha mstari ambao sikuutarajia:

```
Enabled    REG_DWORD    0x0
```

Laptopu hii haikuwa na seva wala taasisi iliyoiwekea sera. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyeishika kabla yangu. Akasema Jumamosi alipita kwenye duka moja la stesheneri, kijana akamwekea "kitu cha kuipa kasi" akitumaini itaamka. Vile vifurushi vya amri vinavyozunguka kwenye flashi huzima huduma na kuandika sera bila kumwambia mtu, na utambuzi wa vidole ni moja ya vitu vinavyozimwa kwa madai kwamba vinakula kumbukumbu. Kwa hiyo zilikuwa hitilafu mbili juu ya mashine moja: Ijumaa PIN ilivunjika kwa sasisho, Jumamosi kidole kikapigwa marufuku kwa mkono wa mtu. Ningefuta hazina tu, PIN ingerudi, kidole kingebaki kimekufa, nami ningelaumu sensa.

Kama mashine ni yako au ya mteja asiye na ofisi juu yake, nakili kwanza kifungu hicho, kisha kiondoe:

```
md C:\hifadhi
reg export "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Biometrics" C:\hifadhi\bio.reg
reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Biometrics" /f
```

Natumia amri badala ya gpedit.msc kwa sababu matoleo ya Home hayana chombo hicho, na laptopu nyingi zinazoletwa kwangu ni Home. Ila kama mashine imejiunga na seva ya ofisi, usifanye hivyo. Kwanza si haki yako, na pili huenda ikawa kazi bure: sera za seva huangaliwa upya kila baada ya dakika 90 hivi mashine ikiwa kwenye mtandao wa ofisi, na ulichofuta kinaweza kurudishwa. Mpigie mtu wa tehama wa makao makuu, umsomee jina la kifungu na thamani yake. Nimegundua kwamba wakisikia "AllowDomainPINLogon ni sifuri" wanashughulikia haraka kuliko wakisikia "PIN imegoma".

Baada ya sera, angalia huduma:

```
sc.exe qc WbioSrvc
```

Andika sc.exe kwa ukamilifu wake, si sc tupu, maana ndani ya Windows PowerShell neno sc ni jina la amri nyingine kabisa na utapata majibu yasiyoeleweka. Kwenye mstari wa START_TYPE ukiona 4 na neno DISABLED, huduma imefungwa kabisa. Ya dada ilikuwa hivyo. Kuirudisha ni hivi, na nafasi iliyopo baada ya alama ya sawasawa ni ya lazima:

```
sc.exe config WbioSrvc start= auto
net start WbioSrvc
```

Sasa kufuta hazina ya PIN

Kwenye mitandao utaelekezwa moja kwa moja kwenda kufuta folda ya Ngc. Ipo njia laini zaidi, na ndiyo ninayoanza nayo. Ingia kwa nywila kwenye akaunti ileile yenye tatizo. Fungua Command Prompt ya kawaida ya akaunti hiyo, si ya msimamizi mwingine, uandike:

```
certutil -DeleteHelloContainer
```

Amri hii hufuta funguo za mtumiaji aliyeingia peke yake. Wengine wanaotumia mashine hiyo hawaguswi. Toka kwenye akaunti au uwashe upya, ingia tena kwa nywila, kisha nenda Settings, Accounts, Sign-in options, ufungue PIN na ubofye "Set up". Itakuomba nywila ya akaunti, uiandike, kisha uchague namba mpya.

Kwa dada ilishindikana. Amri ilijibu kwa kosa, nadhani kwa sababu kumbukumbu zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba Windows haikuweza hata kuzitambua ili izifute. Hapo ndipo nilipoiendea folda nzima. Kumbuka kwamba folda hii ina PIN za watumiaji wote wa mashine, kwa hiyo kila mmoja wao anatakiwa awe na nywila yake mkononi. Katibu wa chama alikuwa na akaunti yake humo; tulimpigia kwanza, akathibitisha nywila anayo. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

```
cd /d C:\Windows\ServiceProfiles\LocalService\AppData\Local\Microsoft
takeown /f Ngc /r /d y
icacls Ngc /grant Administrators:F /t
ren Ngc Ngc.zamani
```

Mstari wa kwanza ukikataa kwa kukosa ruhusa, usitangulie kuingia humo: kwenye kila amri andika njia nzima ya folda mahali pa neno Ngc, ukiliacha jina Ngc.zamani lilivyo. Takeown inakupa umiliki, icacls inakupa ruhusa, na ren inabadilisha jina. Nabadilisha jina badala ya kufuta, kwani ikiwa nimekosea utambuzi wangu nina cha kutazama. Ikisema folda inatumika na haiwezi kubadilishwa jina, washa upya mashine, ingia kwa nywila bila kugusa PIN wala kidole, urudie mstari wa mwisho tu. Kisha washa upya tena. Windows itajitengenezea folda mpya ya Ngc utakapoweka PIN.

Namna ya kujua imefaulu si kuona kitufe kimeitika. Funga skrini kwa Windows na L, ingia kwa PIN. Kisha zima mashine kabisa, iwashe, uingie kwa PIN tena. PIN inayokubali kwenye kufunga skrini lakini ikakataa baada ya kuzima inaonyesha kwamba chipu haihifadhi kilichowekwa, na hapo unarudi BIOS kutafuta sasisho la bodi au kuangalia kama TPM inazimwa kila inapowaka.

Kidole kwa zamu yake

PIN ikisimama imara, ndipo urudi kwenye kidole. Nilifungua "Fingerprint recognition" kwenye ukurasa uleule, kitufe kilikuwa hai kwa kuwa sera na huduma vilikuwa vimesharekebishwa. Lakini alama zake za zamani zilibaki kwenye hazina zikiwa zimefungamana na PIN iliyokufa. Kama kuna kitufe cha "Remove", kibofye na usajili upya. Kisipokuwepo au kikigoma, hamisha faili za hazina kwa mkono:

```
if not exist C:\hifadhi md C:\hifadhi
net stop WbioSrvc
move C:\Windows\System32\WinBioDatabase\*.DAT C:\hifadhi
net start WbioSrvc
```

Halafu sajili. Ninasajili vidole viwili, kimoja cha kila mkono, kwa sababu wateja wangu wengi ni watu wa kazi za mikono, na mkono uliochubuka kwa chumvi ya dagaa au kamba ya mtumbwi hausomeki vizuri kila siku. Futa kitambaza kwa kitambaa kikavu kabla ya kusajili, si kabla ya kutumia tu. Uchafu ukiingia kwenye usajili unabaki humo.

Mipangilio ikisema haioni kitambaza kidole kabisa, hilo ni la draiva. Fungua Device Manager, tafuta "Biometric devices". Ukikuta alama ya njano, au sensa imehamia kwenye vifaa visivyojulikana, fungua sifa zake, nenda "Driver", ubofye "Roll Back Driver" kurudi kwenye draiva iliyokuwepo kabla ya sasisho. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, chukua draiva ya mfano wako kamili kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu. Na kama kidole kinakubali ukiwasha mashine lakini kinakataa ikiamka kutoka usingizini, humo humo kwenye sifa kuna "Power Management": ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa hicho ili kuokoa umeme. Tiki hiyo hurudi baada ya draiva kubadilika, na imenilipa chai mara nyingi.

Kuna dalili moja inayowasumbua hasa wanaonunua laptopu za mtumba. Unasajili kidole, mwishoni Windows inakataa ikidai kidole hicho kimeshasajiliwa kwa akaunti nyingine, ilhali hakuna akaunti nyingine. Sensa za aina fulani huhifadhi alama ndani yake zenyewe, siyo kwenye diski, kwa hiyo kufuta faili za .DAT au hata kuweka Windows upya hakuzigusi. Zinasafishwa kutoka BIOS. Kwa ThinkPad nyingi, kwa mfano, ingia BIOS, Security, kisha Fingerprint, utakuta "Reset Fingerprint Data". Kwa kitambaza cha kuchomeka kwenye USB jambo ni jingine: mashine mpya zenye kinga iliyoongezwa ya kuingia huweza kukikataa, na kwenye ukurasa wa Sign-in options kuna swichi inayohusu kamera na vitambaza vya nje ambayo unatakiwa kuitazama kabla ya kumrudishia muuzaji kifaa chake.

Dada alisajili kidole cha shahada cha kulia na cha kushoto, akafunga skrini, akagusa, ikafunguka. Nikamwomba azime kabisa na kuiwasha, akaingia kwa kidole, kisha kwa PIN. Halafu nikamwomba aingie kwa nywila pia, mbele yangu, akaiandika mwenyewe bila kuuliza Kasulu. Folda ya Ngc.zamani na faili zilizomo kwenye hifadhi nilimwambia tutaziacha wiki moja. Jumatatu iliyofuata alipita akienda Kibirizi, kila kitu kilikuwa sawa, tukazifuta.